Mwombaji si ombaomba: Uhakiki wa baruapepe ya kusogeza mahojiano

Kitenzi kuomba kimebebeshwa mizigo mingi katika Kiswahili. Muumini humwomba Mola wake, mtoto huomba maji, kijana aliyehitimu huomba kazi, naye mtu aliyeketi kando ya barabara akiwa na kikopo huomba senti. Lugha yenyewe iliona hatari ya kuwachanganya watu hawa, ikatupa nomino mbili: mwombaji na ombaomba. Mwombaji ana jambo analolitaka na sababu ya kulitaka. Ombaomba hana cha kumpa anayemwomba isipokuwa hali yake ya kuhurumiwa.

Mpaka kati ya wawili hawa unaonekana vizuri katika utanzu mdogo wa maandishi ambao wahakiki hatuugusi: baruapepe ya mtu aliyealikwa kwenye mahojiano ya kiufundi, kisha nyumbani kukazuka dharura, akalazimika kumwandikia afisa wa uajiri kuomba siku nyingine. Ni maandishi ya aya mbili tatu tu, lakini kazi ya mtu imening'inia hapo.

Maandishi ninayoyahakiki leo niliyapata kwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni mhandisi wa programu. Ameniruhusu niyatumie, nami nimeondoa majina yote. Alikuwa amealikwa kuhojiwa na kampuni moja inayounda mfumo wa kuwahudumia wateja kwa Kiswahili, na ndiyo maana afisa wa uajiri alikuwa akimwandikia kwa Kiswahili tangu mwanzo. Mahojiano yalikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Usiku wa Jumanne mamake akaugua ghafla. Jumatano alfajiri, akiwa kwenye benchi la hospitali, aliandika rasimu hii na kunitumia kabla ya kumtumia afisa:

*Mada: DHARURA!!!*

*Kwa Mheshimiwa Bi. Afisa,*

*Natumai baruapepe hii inakupata vyema. Samahani sana kwa kukusumbua, najua una shughuli nyingi. Ningependa kuomba msamaha kwani nimepatwa na dharura ya kifamilia. Mama yangu mzazi aliugua jana usiku, akawa anatapika na kulia kwa maumivu ya tumbo, tukampeleka zahanati wakashindwa, akahamishwa hadi hospitali kubwa na sasa madaktari wanasema ni kidole tumbo na huenda akapasuliwa. Mimi ndiye kifungua mimba na wadogo zangu wangali shuleni. Je, unaweza kuahirisha mahojiano? Niko tayari wakati wowote utakaoona unafaa. Tafadhali usinifutie nafasi hii, nimeitafuta kwa muda mrefu sana. Nisamehe kwa usumbufu wote.*

*Wako mtiifu.*

Msomaji mwenye moyo wa nyama ataisoma rasimu hii na kusikitika. Hata hivyo, kusikitika ni jambo moja na kuweza kutenda ni jambo jingine. Hebu tumfikirie anayeipokea.

Mahojiano ya kiufundi si mazungumzo ya watu wawili. Kwa kawaida mwombaji hukaa mbele ya kompyuta, akapewa tatizo, akaandika programu huku wahandisi wawili au watatu wakimtazama kupitia skrini na kumuuliza kwa nini amechagua njia hii wala si ile. Haya ya mwanafunzi wangu yalipangiwa dakika 90. Afisa wa uajiri mwenyewe mara nyingi hahoji. Kazi yake ni kuwakusanya wenye kuhoji. Hao wana kazi zao, nao wamezitenga dakika hizo 90 kwa shingo upande. Siku ikibadilika, afisa hulazimika kufungua kalenda za watu watatu au wanne na kutafuta mahali ambapo wote wako huru. Tena kuna waombaji wengine wanaosubiri, maana aghalabu uamuzi hautolewi hadi wa mwisho ahojiwe.

Kwa hiyo afisa anayefungua baruapepe hii anatafuta majibu ya maswali machache: Ni nani? Ni mahojiano yapi kati ya mengi niliyo nayo wiki hii? Bado anaitaka kazi au anajiondoa? Atapatikana lini? Ukirudi kwenye rasimu, utapata kwamba maswali mawili hayakujibiwa kabisa. Hakuna tarehe ya mahojiano wala siku mbadala. Kilichojibiwa kwa kirefu ni swali ambalo afisa hakuuliza: mama anaumwa nini?

Wataalamu wa pragmatiki watakukumbusha nadharia ya Penelope Brown na Stephen Levinson, iliyochapishwa kama kitabu mwaka wa 1987, nao wakiwa wameazima dhana ya uso kutoka kwa mwanasosholojia Erving Goffman. Kwa mujibu wao, kila ombi huutishia uso wa anayeombwa kwa kuwa linamwingilia uhuru wake. Uzito wa tishio hilo hutegemea mambo matatu: umbali wa kijamii kati ya wawili hao, tofauti ya mamlaka, na ukubwa wa kinachoombwa. Mwanafunzi wangu aliuhisi uzito huo, akaukabili jinsi wengi wetu tunavyofanya, yaani kwa kurundika maneno ya kujishusha. Katika rasimu fupi kama hiyo mna samahani, msamaha na nisamehe. Ameomba radhi mara tatu, ilhali hajasema anaitaka siku gani.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotufaa kuliko nadharia, kwa sababu kinatofautisha msamaha na udhuru. Msamaha huombwa na aliyekosa. Udhuru hutolewa na mtu aliyezuiwa na jambo lisilo na budi. Mwalimu aliyefiwa hutoa udhuru asipofika darasani, haombi msamaha kwa kufiwa. Kuuguliwa na mama si kosa. Ukilifunga jambo la udhuru kwa kamba ya msamaha, unamfundisha anayekusoma kukuona kama mkosaji, naye hakuwa amekuwazia hivyo. Na mkosaji akiomba kazi, huonekana anaomba mambo mawili: kazi, na kusamehewa.

Je, hakuna wa kuombwa radhi? Yupo. Ni wale wahandisi ambao dakika zao 90 zitapotea. Radhi moja, ielekezwe kwao, inatosha. Inaonyesha pia kwamba mwandishi anajua ombi lake linamgusa nani.

Tuingie katika sarufi. "Ningependa kuomba" imekuwa pambo la barua zetu rasmi. Kiambishi -nge- hudokeza jambo ambalo halijawa au lina kizuizi, na sikio la Mswahili husubiri sehemu ya pili: ningependa kuomba, lakini? Waingereza huulainisha usemi kwa njia hiyo, nasi tukaichukua ilivyo. Sidai kwamba ni kosa, kwa sababu mazoea yameshaipa uraia. Ninachodai ni kwamba Kiswahili kina njia fupi na yenye adabu zaidi: naomba. Neno hilo peke yake linakiri kwamba anayeombwa ana hiari ya kukubali au kukataa. "Naomba kusogeza mahojiano" haina ukali wowote, wala haihitaji kuvikwa koti la masharti. "Je, unaweza kuahirisha" nayo, ukiichukua kwa maana yake ya msingi, huuliza kuhusu uwezo. Bila shaka anaweza! Anachoombwa ni hiari yake.

Salamu ya "natumai baruapepe hii inakupata vyema" ni ya aina hiyohiyo. Katika Kiswahili, buheri wa afya ni mtu, si barua. Barua za kale za pwani, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zilianza kwa salamu ndefu za heshima, kisha neno kama wabaadu likafungua mlango wa ujumbe wenyewe. Urefu huo ulikuwa na mantiki yake, kwa sababu barua ilisafiri kwa siku au majuma na huenda isifuatwe na nyingine kwa miezi. Baruapepe hufika kwa sekunde, na simu ya afisa humwonyesha mada na maneno machache ya mwanzo kabla hajaifungua. Rasimu yetu ilimwonyesha neno DHARURA lenye alama tatu za hisi, na salamu. Angeweza kudhani ni tangazo la biashara au ulaghai. Salamu mbili tatu hazimdhuru mtu, ila wabaadu yako ije mapema.

Neno kuahirisha lina tatizo jingine. Kuahirisha ni kusukuma jambo mbele bila lazima ya kusema litafanyika lini. Bunge huahirishwa, kesi huahirishwa, na wakati mwingine jambo likishaahirishwa huzikwa huko. Afisa mwenye waombaji wengi anaposoma "kuahirisha" pasipo tarehe, anaweza kuamini kwamba mwenzake anajiondoa kwa staha. Kusogeza ni neno bora kwa kuwa linadai mahali pa kusogezea. Na hapo ndipo "wakati wowote utakaoona unafaa" inapofichua udhaifu wake. Inasikika kama ukarimu, kumbe inampa afisa kazi yote ya kubahatisha. Isitoshe, si kweli. Mtu ambaye mamake anasubiri kupasuliwa hayuko tayari wakati wowote. Afisa akisema, "Basi kesho kutwa saa tatu," mwandishi atalazimika kuomba tena, na ombi la pili huwa zito kuliko la kwanza maradufu.

Nilimwambia achague siku atakazoweza kuzitetea. Upasuaji ulitarajiwa Alhamisi, na wikendi dada wa mamake angefika kutoka Vihiga kumpokea zamu. Tukakubaliana aanzie Jumanne iliyofuata. Kila siku ipewe kipande cha saa tatu, ili wahandisi wapate nafasi ya kuchagua dakika zao 90 humo ndani.

Kuhusu saa, Kiswahili kina mtego wa kipekee. Saa nne asubuhi ya Mswahili ni 10:00 kwenye skrini. Ukiandika "saa 4" kwa tarakimu, kalenda ya kompyuta na mtu aliyezoea Kiingereza wataisoma kuwa 4:00. Nimeshuhudia vikao vya chuo vikivurugika kwa sababu hiyo. Dawa ni kuiandika saa kwa maneno ya Kiswahili kisha kuweka tarakimu za saa 24 kando yake. Pia mmoja wa wahandisi wa kampuni hiyo alikuwa Berlin. Nairobi haibadilishi saa zake mwaka mzima, lakini Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, hivyo Berlin huwa nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na kwa saa mbili wakati wa baridi. Maneno "kwa saa za Nairobi" yanaondoa utata huo wote.

Lililobaki ndilo gumu zaidi: aseme kiasi gani kuhusu mamake? Wapo wanaodhani kwamba maelezo mengi huthibitisha ukweli. Kwa maoni yangu, maelezo mengi huzua shaka, kwa sababu anayejieleza sana huonekana anatarajia kutoaminiwa. Tena kutapika na kulia kwa maumivu ni mambo ya mama, si ya binti. Mama hakuomba kazi. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 31, inamlinda mtu dhidi ya kudaiwa au kufichuliwa bila sababu habari za familia na mambo yake ya faragha. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya na za familia, yakiwemo majina ya wazazi, katika kundi la data nyeti. Sheria hizi hazimkatazi binti kusema kwamba mamake anaugua. Zinatukumbusha tu kwamba afisa naye hana haja ya kubebeshwa habari nyeti ambazo hakuziomba, na ambazo zitakaa katika hifadhi ya kampuni hata baada ya mama kupona.

Lakini "dharura ya kifamilia" bila neno jingine nayo imechakaa. Imetumiwa kuficha hata harusi za binamu. Kiswahili kinaturuhusu kusimama katikati: "Mama yangu amelazwa hospitalini ghafla." Mhusika anajulikana, jambo linajulikana, na ugonjwa unabaki kuwa siri ya mwenyewe. Angekuwa ni shangazi au mama mdogo aliyemlea, ningemshauri aandike "mama mdogo aliyenilea", kwa sababu mtu wa Berlin anaweza kuuona ukoo huo kuwa wa mbali, ilhali kwetu ni mama kamili.

Baada ya kubishana kidogo kwa simu, rasimu ya pili ilitoka hivi:

*Mada: Ombi la kusogeza mahojiano ya kesho, Alhamisi 14 Mei (nafasi ya mhandisi wa programu)*

*Bi. (jina), habari za asubuhi.*

*Naomba kusogeza mahojiano yangu ya kiufundi yaliyopangiwa kesho, Alhamisi tarehe 14 Mei, saa nne asubuhi (10:00). Mama yangu amelazwa hospitalini ghafla na ninahitajika kuwa naye.*

*Bado naitaka nafasi hii. Ninaweza kuhojiwa katika mojawapo ya nyakati zifuatazo, kwa saa za Nairobi:*

*Jumanne 19 Mei, saa nne asubuhi hadi saa saba mchana (10:00–13:00)*
*Jumatano 20 Mei, saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni (14:00–17:00)*
*Ijumaa 22 Mei, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana (09:00–12:00)*

*Ikiwa hakuna unaofaa, tafadhali nipendekezee mwingine kuanzia tarehe 19. Leo ninapatikana kwa simu kuliko kwa baruapepe: (nambari).*

*Nawaomba radhi wahandisi waliokuwa wamenitengea muda. Asante.*

*(Jina kamili)*

Tazama kilichoondoka. Mheshimiwa ameondoka, kwa sababu afisa si waziri. Wako mtiifu pia ameondoka, kwani utii ni wa aliyekwisha kuajiriwa, na hata huyo sina hakika anadaiwa. "Usinifutie nafasi" nayo imekuwa "bado naitaka nafasi hii". Ujumbe ni uleule, lakini wa kwanza unamchora afisa kama mtu anayetaka kufuta, na wa pili unamwachia uungwana wake.

Najua kuna msomaji atakayelalamika kwamba nimeipokonya barua utu wake na kuivisha ukavu wa kizungu. Ni hoja nzito na siipuuzi. Jamii zetu huanza kwa kujuliana hali, na anayeingia moja kwa moja katika shida yake huonekana hana malezi. Hata hivyo, wahenga walisema muungwana ni vitendo. Kumpunguzia mwenzako kazi ya kutafuta tarehe ni kitendo cha uungwana, tena kinachomgharimu mwandishi, kwa sababu ilimbidi aketi kwenye benchi lile apange zamu za hospitali kabla ya kuandika. Kuandika samahani tatu hakukumgharimu kitu.

Baruapepe hii ina mipaka yake pia. Imeandikwa siku moja kabla, na hilo ndilo linaloipa nguvu. Dharura ikizuka saa mbili kabla ya mahojiano, piga simu kwanza, kisha baruapepe ifuate kama ushahidi. Ikiwa hujui mgonjwa atatoka lini, usibuni tarehe. Ahidi siku ambayo utampa afisa jibu, na uitimize. Na kuna nafasi ambazo zinafungwa kesho, haidhuru umeandika nini. Lugha hulisafisha ombi, lakini haimlazimishi mtu kukubali.

Afisa alijibu kabla ya adhuhuri, kwa sentensi mbili. Ya kwanza ilichagua Jumatano, saa nane mchana. Ya pili ilisema, "Pole sana, mama apate nafuu." Nimeitafakari hiyo pole. Katika mpangilio wa mazungumzo ya Kiswahili, pole ni zamu ya anayesikia. Rasimu ya kwanza ilikuwa imejaa kujililia hata mpokeaji hakuachiwa nafasi ya kusema neno lake. Ya pili ilitaja msiba kwa sentensi moja na kunyamaza, naye afisa akaupokea kama mtu anayezungumza na mtu.